Simu mbili za mwenye nyumba: ya pampu ikaandikwa, ya tenki ikabaki mdomoni

Hiki kisa nimekishughulikia mwenyewe kama msaidizi wa kisheria ngazi ya mtaa, Dar es Salaam. Majina nimeyatoa, mtaa sitautaja, na vitu viwili vitatu vya kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Mpangaji namuita Dada M, mwenye nyumba ni mzee tu, na kijana wake ni kijana. Nimekichagua kwa sababu ndani yake kuna simu mbili, watu walewale, wiki ileile, nyumba ileile, ila ya kwanza iliandikwa ikamlinda na ya pili haikuandikwa ikamla hela. Ni nadra kupata kisa kinachokulinganishia hivyo chenyewe.

Hali ilivyokuwa

Dada M alipanga nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule, ndani ya fensi, LUKU yake mwenyewe. Kodi laki tatu kwa mwezi, inalipwa miezi sita mbele kama kawaida ya mjini, kwahiyo kila awamu ni 1,800,000. Mkataba waliouandika ni karatasi moja ya kununua stationari, ile ya kujaza nafasi, na kwenye matengenezo imeandikwa tu kwamba "matengenezo makubwa ni juu ya mwenye nyumba". Makubwa ni yapi, nani anatoa hela kwanza, inarudije, hakuna. Mikataba mingi ninayoiona iko hivyohivyo.

Maji ya DAWASA pale yanakuja kwa mgao, yanaingia kwenye kisima cha chini, kutoka hapo pampu ya nusu hosipawa inayasukuma mpaka kwenye tenki la lita elfu moja juu ya mnara. Pampu ikifa nyumba nzima ni ndoo.

Mzee anaishi mkoani. Anatumia kitochi, hana WhatsApp, na mambo yote ya nyumba anamalizana kwa kupiga simu. Ni mtu mstaarabu, nataka hili lieleweke mapema maana wengi wakisikia mgogoro wa nyumba wanatafuta mbaya ni nani, na hapa sikumuona.

Simu ya kwanza

Juni 2024 pampu ikaungua. Fundi akaja akaifungua, akasema kuisuka mota inawezekana ila bomba nazo zinavuja na floti imekufa, afadhali kubadilisha vyote. Akampigia hesabu: pampu mpya 190,000, mabomba na floti 58,000, ufundi 60,000. Jumla 308,000.

Jumanne tarehe 11, saa moja usiku, Dada M akampigia mzee. Waliongea kama dakika sita, salamu zikiwa ndo nusu ya hizo. Mzee akasema kwa sasa hana hela, anunue yeye, watakata kwenye kodi ya Septemba. Wakaagana vizuri.

Muda huohuo, kabla hajaanza kupika, akakaa akaandika meseji ya kawaida:

"Shikamoo mzee. Ni M wa nyumba ya Dar. Tulivyoongea kwa simu leo Jumanne 11/6 saa 1 usiku: pampu imeungua, umesema ninunue mpya na mabomba yanayovuja yabadilishwe. Pampu 190,000, mabomba na floti 58,000, fundi 60,000, jumla 308,000. Natoa mimi, tunakata kwenye kodi ya Septemba. Pampu ni mali ya nyumba. Risiti na pampu mbovu natunza. Kama nimekosea naomba uniambie kabla ya Alhamisi asubuhi fundi anapoanza."

Mzee akajibu baada ya kama nusu saa: "Maraba. Sawa fanya hivo. Risiti usipoteze."

Jumatano akanunua pampu, duka likampa risiti ya EFD yenye tarehe 12/6.

Simu ya pili

Alhamisi fundi yuko juu ya mnara, anampigia Dada M kazini: tenki limepasuka kwenye kitako, ukijaza maji yanamwagika usiku kucha, na pampu mpya itakuwa inawaka bila kupumzika mpaka nayo iungue. Hoja ya maana kabisa. Tenki jipya la lita elfu moja ni 230,000 na kulibeba 20,000.

Akampigia mzee, simu inaita haipokelewi. Mchana kwenye saa tisa akapigiwa na namba asiyoijua, kumbe mzee, simu yake haina salio kaazima ya jirani. Dada M wakati huo yuko kwenye daladala, konda anapiga kelele, akaeleza haraka haraka, mzee akasema nunua mwanangu, tutajua mbele ya safari. Basi, simu ikakatika.

Akamwambia fundi anunue. Alinuia kuandika meseji akifika nyumbani, alipofika uani ni tope tupu, fundi anadai hela yake, mtoto ana homa, ikapita. Kesho yake maji yanatoka safi na hakuna kitu cha kumkumbusha. Tenki la zamani fundi akaomba akalichukua, akaliuza mbele huko. Risiti ya tenki ilikuwa ya mkono, imeandikwa "tenk" na kiasi, basi.

Septemba

Mwisho wa Agosti Dada M akapiga hesabu yake: 1,800,000 toa 308,000 toa 250,000, inabaki 1,242,000. Akaituma kwenye namba ya mzee kama siku zote, na meseji ya kueleza makato.

Kesho yake akapigiwa na kijana. Mzee anaumwa, kaja mjini kwa matibabu, sasa nyumba anaisimamia yeye. Na kijana akawa mkali: hela imepungua zaidi ya laki tano, yeye hana taarifa, mzee anachokumbuka ni kitu kuhusu pampu na kwamba wangechangia nusu kwa nusu. Alete iliyobaki au aondoke mwezi ukiisha.

Kwa maoni yangu mzee hakudanganya. Mtu wa miaka zaidi ya sabini, anaumwa, unamuuliza simu ya miezi miwili na nusu iliyopita, atakumbuka kulikuwa na pampu na kulikuwa na makubaliano. Hiyo nusu kwa nusu pengine ni ya mpangaji mwingine, pengine ni kitu alichokiwaza akakisahau kukisema. Na inbox ya kitochi chake ilishajaa ikafutwa, kwahiyo kule kwake hakukuwa na chochote cha kuangalia.

Alichoamua na kwa nini

Dada M alikuja kwangu siku hiyohiyo jioni akiwa na hasira, tayari ameandika meseji ndefu ya kumjibu kijana ila hajaituma. Tukaifuta. Tukaamua vitu vitatu.

Kwanza, asibishane na kijana kwa simu hata kidogo. Kila akipiga amsikilize, aseme ataandika, halafu aandike. Ukibishana kwa simu unatengeneza simu nyingine ya kubishaniwa juu ya zile mbili.

Pili, kabla ya lolote athibitishe kijana ni nani kwenye hili. Alimpigia mzee kumjulia hali, akamuuliza kwa adabu, mzee akasema ndiyo, mwanangu ndo anashika mambo ya nyumba mpaka nipone. Alipokata akamtumia meseji mzee na kijana wote wawili: mzee umesema leo mambo ya nyumba niongee na kijana wako kwa namba hii, ila kodi iendelee kuingia kwenye namba yako. Kijana akajibu "ok". Hii watu wengi wanairuka. Nimeshakutana na mpangaji aliyemlipa ndugu wa mwenye nyumba kwa kuambiwa kwa simu, halafu mwenye nyumba akasema mimi sijamtuma mtu.

Tatu, twende ofisi ya serikali ya mtaa kwa mwenyekiti kusuluhishwa, siyo kukimbilia baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Hela yenyewe haifiki laki sita, na Dada M alikuwa bado anaitaka hiyo nyumba.

Wazo la kurekodi simu lilikuja pia, mdogo wake alimwambia aweke app. Nilimkatalia. Kurekodi kimyakimya kuna maswali yake ya kisheria, na hata ukiyaacha hayo, mzee akisikia alikuwa anarekodiwa hakuna tena kuelewana, wakati meseji ya kuthibitisha inatumwa kwake mwenyewe, anaiona, ana nafasi ya kuikataa. Hiyo nafasi ya kuikataa ndo inayoipa nguvu.

Kikao kilivyokwenda

Mwenyekiti aliita pande zote, kijana akaja, mzee akawekwa kwenye spika.

Ya pampu iliisha mapema mno. Dada M akafungua simu yenyewe, wala hakutegemea skrinshoti, akamuonyesha mwenyekiti meseji na jibu. Jina lilikuwa limeseviwa "Baba Mwenye Nyumba" kwahiyo tukabonyeza mpaka namba ikaonekana, mwenyekiti akailinganisha na namba iliyo kwenye mkataba, ni ileile. Akatoa risiti ya EFD yenye tarehe ya siku moja baada ya meseji. Akatoa na pampu yenyewe iliyoungua, kaifunga kwenye kiroba. Mzee kwenye spika aliposomewa jibu lake mwenyewe la "Risiti usipoteze" akacheka, akasema hayo ni maneno yangu. Kijana akakubali 308,000 yote.

Ya tenki ndo tukakwama. Kijana akauliza maswali matatu na yote yalikuwa ya haki. Nani alisema linunuliwe jipya, wakati kuna mafundi wanachomelea plastiki kwa elfu thelathini? Tenki lililopasuka liko wapi tulione? Na kiasi mlikubaliana shilingi ngapi? Dada M hakuwa na jibu la kuonyesha hata moja. Akafungua orodha ya simu zilizopigwa, ile ya tarehe 13 ipo, ila namba ni ya jirani wa mkoani, siyo ya mzee. Mzee mwenyewe akasema anakumbuka habari ya tenki "kidogo", ila bei hakuambiwa. Inawezekana aliambiwa, na kelele za daladala zikaimeza.

Mwisho wakaafikiana mzee abebe 130,000 ya tenki na Dada M aongeze 120,000, tenki libaki la nyumba. Kwahiyo kodi ya awamu ile ikawa 1,362,000. Mwenyekiti akaandika kwenye karatasi ya ofisi, wakasaini, mhuri ukapigwa, habari ya kuhama ikafutika hapohapo.

Uchambuzi: kwa nini ya kwanza ilishika

Watu wakisikia "andika" wanadhani kwamba makubaliano ya mdomo hayana nguvu. Yana nguvu. Sheria ya Ardhi inaruhusu hata upangaji wenyewe wa muda wa mwaka mmoja au chini ya hapo ufanyike kwa mdomo. Shida ni kuthibitisha, mdomo wa nani uliosema nini. Na meseji ya simu inakubalika kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ujumbe wa kielektroniki usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila uzito wake unategemea imetunzwaje na mtumaji anajulikanaje. Ndo maana ile hatua ndogo ya kuonyesha namba badala ya jina, na kuonyesha simu yenyewe badala ya picha yake, ilikuwa na maana.

Ukiiangalia meseji yenyewe, kuna vitu ndani yake ambavyo nadhani Dada M aliviweka kwa akili ya kawaida tu na vyote vilifanya kazi. Ametaja simu yenyewe kwa siku na saa, kwahiyo meseji imejifunga kwenye simu iliyo kwenye orodha ya simu. Amegawa hela kwa vipande badala ya kutaja jumla tu, hii inamzuia mtu kusema baadaye nilidhani ufundi umo kwenye bei ya pampu. Amesema nani anatoa sasa na inarudi lini kwa njia gani. Amesema pampu ni ya nani siku akihama, jambo ambalo hata mwenye nyumba mwenyewe hakuliwaza.

Lakini kilichobeba uzito kuliko vyote ni sentensi ya mwisho, kama nimekosea niambie kabla ya Alhamisi asubuhi. Hapo mzee amepewa nafasi ya kusema hapana wakati hapana bado ina faida, hela haijatoka, fundi hajaanza. Meseji ya kuthibitisha inayotumwa baada ya pampu kufungwa ni taarifa tu, na mwenye nyumba ana haki ya kusema ungeniambia kwanza.

Na alijibiwa. Hili nalisisitiza kwa sababu kuna watu wanatuma meseji, haijibiwi, wanalala usingizi wakidhani ukimya ni kukubali. Kwa kawaida ukimya peke yake haumfungi mtu. Kwa mzee wa kitochi ukimya unaweza kuwa inbox imejaa, au meseji ndefu imefika vipande: meseji moja ni herufi 160, ya Dada M ilikuwa na urefu wa kama vipande vitatu, na kuna simu ndogo zinapokea kipande zikaacha kingine. Ukiona kimya unapiga tena, unauliza mzee umeiona, umeisoma yote? Akisema ndiyo unatuma fupi nyingine: asante mzee, umenithibitishia kwa simu leo saa fulani kwamba 308,000 ni sawa. Haifikii jibu la maandishi, ila ni bora mno kuliko ukimya.

Kwa nini ya pili ilianguka

Rahisi kusema alisahau. Lakini ukifuatilia, mazingira ya simu ya pili yalikuwa yanavuta kusahau: alikuwa njiani, namba ngeni ambayo hakujua aijibu wapi, kazi ilishaanza na fundi anasubiri, na kwa sababu ya kwanza ilikwenda vizuri akaona hii ni mwendelezo wa ileile. Hapo ndipo penye mtego kwa mtazamo wangu. Makubaliano ya kwanza yalikuwa 308,000 na vitu vyake vimetajwa, tenki halimo. Kuiandika vizuri ya kwanza kuliifanya ya pili ionekane imezidishwa kuliko kama asingeandika yoyote, maana kijana alishika meseji ileile akasema mbona hapa hukuandika tenki?

Namba ya jirani haikuwa kikwazo cha kweli. Meseji ya kuthibitisha inakwenda kwenye namba ya mwenyewe iliyo kwenye mkataba hata kama simu imetoka kwingine, na unalitaja hilo. Ingekuwa hivi:

"Mzee, M hapa. Leo Alhamisi 13/6 saa 9 alasiri umenipigia kwa namba ya jirani. Tenki limepasuka kitako, fundi anasema kuchomelea hakutadumu. Umesema ninunue jipya la lita 1,000. Tenki 230,000, kubeba 20,000, jumla 250,000. Inakatwa kwenye kodi ya Septemba juu ya ile 308,000, makato yote 558,000. Tenki bovu litabaki uani. Naomba jibu kabla sijanunua kesho saa 4."

Kusubiri mpaka kesho kungemgharimu usiku mmoja wa ndoo, na labda nauli ya fundi kurudi. Na kama mzee angejibu kwamba lichomelewe kwanza, vilevile ni jibu, hela yake isingetoka.

Tenki bovu nalo. Picha mbili za ule ufa, moja ya karibu na moja inayoonyesha tenki lote juu ya mnara, zingemnyamazisha kijana kwenye swali la pili hata kama hakuna meseji. Kitu kibovu ukikiruhusu kiondoke kabla ya mwenye nyumba kuridhika umeondoa ushahidi wa kwamba kulikuwa na tatizo. Kwa pampu alikitunza kwa sababu alishaahidi kwenye meseji, kwa tenki hakuna alipoahidi.

Ambayo maandishi hayakuyatatua

Meseji isingemzuia mzee kuumwa wala kijana kuja moto. Pia isingemlazimisha mwenye nyumba kuongeza mkataba, miezi sita ikiisha anaweza kumwambia nyumba naihitaji na hayo yakawa mengine. Na kwa mwenye nyumba aliyeamua kudhulumu kwa makusudi, meseji inakusaidia tu pale utakapokuwa tayari kuipeleka kwa mtu wa tatu.

Baada ya kikao Dada M alipiga picha meseji zote za Juni, namba na tarehe zikiwa zinaonekana, akazituma kwenye imeili yake pamoja na picha za risiti na ile karatasi ya mwenyekiti, maana simu inaibiwa na meseji za kawaida mara nyingi hazihami zenyewe kwenda simu mpya. Na siku hizi kijana akimpigia kuhusu nyumba, mwisho wa maongezi kijana mwenyewe ndo anasema, haya niandikie.